Picha ya arobaini: udenda, magamba ya kichwani na madoa ya maziwa. Nifute nini, nibakize nini?

Fundi_Bwiru (mwanzisha uzi), Jumanne saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilipiga picha za mtoto wa siku arobaini hapa Bwiru, nyumbani kwao, sebule yenye dirisha linalotazama ziwani. Ilikuwa saa kumi jioni, jua limeshageukia upande wa maji, mwanga unaingia mkali kutoka kushoto. Mtoto amelala ubavu, kichwa kimegeukia dirishani. Picha moja imetoka vizuri mno, na ndiyo mama yake aliyoichagua isafishwe kwa fremu kubwa ya kumpelekea bibi Ukerewe.

Shida ni tatu. Kwanza, udenda umetoka pembe ya mdomo hadi kidevuni na umeshika mwanga wa dirisha, unaonekana kama uzi mweupe. Pili, juu ya utosi kuna magamba yale ya manjano, mengine yamekaa juu ya nywele. Tatu, kuna vidoa vyeupe kuzunguka mdomo, kwenye mikunjo ya shingo na puani, maana alikuwa ametoka kucheua.

Nimejaribu Spot Healing Brush kwenye udenda, pakawa na ukungu mweupe kidevuni, kama mtu amepaka poda. Kichwani ndiyo imeharibika zaidi, nywele zimekuwa matope. Nimefuta yote na kurudi mwanzo. Faili ni la kamera, upana wa pikseli 6000, nalifungua kwenye Photoshop.

Mama amesisitiza kitu kimoja: "Asije akaonekana mtoto wa miezi sita." Naombeni msaada.

Kijana wa Kirumba, saa 3:24 usiku

Mkuu hiyo ni kazi ya dakika kumi. Tenganisha picha leya mbili, moja ya rangi na moja ya ngozi yenyewe. Ile ya rangi ipige Gaussian Blur, ile ya ngozi futa kila kitu cheupe kwa Healing Brush. Maziwa ni maziwa tu, yawe puani au shingoni. Mimi harusi zote nafanya hivyo na wateja wanafurahi.

MamaWawili_Nyegezi, saa 3:31 usiku

Baba, hayo magamba usiyakwangue. Wangu wa kwanza alikuwa nayo, nikapaka mafuta ya nazi usiku, asubuhi nikachana kwa kitana laini, wiki mbili yakaisha. Muogesheni tu, msimpake dawa za ajabu.

Fundi_Bwiru, saa 3:35 usiku

Asante sana dada. Hapa lakini nazungumzia picha ambayo imeshapigwa. Mtoto mwenyewe yuko salama kwa mama yake.

MamaWawili_Nyegezi, saa 3:37 usiku

Samahani, nilisoma kichwa cha uzi nikakimbilia kujibu. Basi naendelea kusoma, na mimi nina picha za namna hiyo kwenye simu.

Leya Tupu, saa 4:02 usiku

Fundi, nimekuwa nikisafisha picha za watoto wachanga kwa miaka kadhaa, nyingi za hapa Mwanza na Sengerema. Nianze na udenda, kwa sababu ukiuelewa huo, magamba yatakuwa mepesi.

Ukungu ule mweupe umetokana na mpangilio wa kazi. Healing Brush na Spot Healing Brush zinachukua ngozi mahali pengine, kisha zinailinganisha na mwanga na rangi ya pale unapopaka. Sasa wewe umepaka katikati ya weupe. Brashi imeona pembeni ni kweupe, ikachanganya weupe huo na ngozi uliyoiazima. Weupe haukuondoka, umetandazwa tu. Kwa hiyo shusha kwanza mng'ao, ndipo uponye ngozi.

Fungua leya mpya tupu juu ya picha. Kwenye orodha ya leya ibadilishe kutoka Normal kwenda Darken. Chukua Clone Stamp, Sample iwe Current & Below, Opacity asilimia 30 hivi, brashi laini iliyo pana kidogo kuliko uzi wa udenda. Chanzo kichukue kwenye ngozi kavu ya shavu hilohilo iliyo umbali uleule kutoka dirishani. Ukichukua karibu na sikio, ambako kivuli kimeanza, kidevu kitapata doa jeusi. Pitisha mara mbili tatu taratibu. Darken inagusa tu kile kilicho cheupe kuliko chanzo chako, kwa hiyo vinyweleo na kivuli cha kidevu havisogei, kinachoshuka ni mng'ao peke yake.

Ukishamaliza utaona sehemu mbili. Pale ambapo udenda uling'aa kidogo, ngozi imerudi na vitundu vyake. Pale ulipong'aa hadi kuwa mweupe kabisa hakuna ngozi ndani, kamera haikurekodi chochote, pamebaki bapa la rangi moja. Hapo ndipo Healing Brush inaingia, kwenye leya nyingine ya Normal, chanzo kikiwa kidevu upande wa pili. Sasa pembeni hakuna weupe wa kuuchanganya, itakubali.

Na mdomo wa chini usiukaushe. Mdomo wa mtoto mchanga una unyevu muda wote. Ukiondoa mng'ao wote unapata mdomo wa sanamu. Mimi nauacha ule mstari mwembamba juu ya mdomo, nafuta kilichovuka ukingo kushuka chini. Ukiona umezidi, punguza leya ya Darken kwa kuifunika na maski hapo mdomoni, nguvu nusu.

Kichwani nitarudi kesho, nina kazi ya mtu inasubiri.

Fundi_Bwiru, saa 4:40 usiku

Nimejaribu sasa hivi. Clone Stamp nimeiweka Mode Darken kama ulivyosema, leya tupu, lakini inapaka kila kitu, hata vinyweleo vinafunikwa. Nimekosea wapi?

Leya Tupu, saa 4:46 usiku

Umeiweka Darken kwenye zana, juu kwenye upau. Hiyo inalinganisha na kilichomo ndani ya leya unayopakia, na leya yako ni tupu, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha. Zana iache Normal. Leya yenyewe ndiyo iwe Darken, hapo italinganisha na picha iliyo chini.

Fundi_Bwiru, saa 5:05 usiku

Mkuu! Imekubali. Udenda umeondoka na kile kishimo kidogo cha kidevu kimebaki kama kilivyo. Asante sana.

Kijana wa Kirumba, saa 5:11 usiku

Sawa, lakini hiyo ni kazi ndefu. Kutenganisha leya mbili kungefika hapohapo.

Leya Tupu, Jumatano saa 1:20 asubuhi

Kijana, njia yako ina mahali pake, sikatai. Mikunjo ya shingo ya mtoto huyu nadhani ina rangi mbilimbili, maziwa yalikaa pale na ngozi ikawa nyeusi zaidi. Kusawazisha rangi hapo, njia yako ni nzuri, kwa maski ndogo na Gaussian Blur ya kiasi. Tatizo ni usoni. Uso wa mtoto wa siku arobaini hauna mifupa inayojitokeza. Umbo lote la shavu, pua na kope zilizovimba linaonekana kwa vivuli laini tu. Ukiblur leya ya rangi usoni, vivuli hivyo ndivyo vinavyoondoka kwanza, na shavu linabaki bapa. Bibi harusi ana mifupa na vipodozi vinavyobeba umbo, ndiyo maana kwenye harusi huoni hasara.

Kichwani njia hiyo haiwezi kabisa. Gamba lina rangi yake, lina ukingo wake, na lina kivuli chake chini, liko kwenye leya zote mbili kwa pamoja.

Sasa Fundi, magamba. Kabla ya kushika brashi yapange kwa macho. Kuna yaliyo kwenye ngozi kati ya nywele, kuna yaliyokaa juu ya nywele, na kuna utando mnene uliogandamana, kwa kawaida juu ya utosi.

Ya kwanza ni rahisi kwa leya ileile ya Darken. Kuza picha hadi asilimia 100 au 200, brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko gamba. Gamba la pikseli 12 linataka brashi ya 18 au 20. Chanzo kiwe ngozi safi ya kichwa jirani kabisa, isiyo na unywele ndani yake. Nywele zinazopita juu ya gamba ni nyeusi kuliko chanzo chako, kwa hiyo Darken inaziruka. Gamba linaondoka chini yake na unywele unabaki umesimama. Hapa ndipo Healing Brush ilipokutengenezea matope, inachanganya weusi wa nywele na ngozi vikawa kijivu.

Jihadhari na utosi. Pale pana kibonde kidogo, na kibonde hicho ni alama kubwa ya uchanga, bibi akiiona picha atakitafuta. Ukichukua chanzo ndani ya kibonde na kupaka ukingoni, ukingo unakuwa mweusi na kibonde kinapanuka, mtoto anaonekana kama amepungukiwa maji. Gamba la ukingoni litibu kwa ngozi ya ukingoni, la ndani kwa ya ndani.

Yaliyo juu ya nywele hayana ujanja huo, kwa sababu chini ya gamba unywele haupo kwenye picha. Madogo funika kwa Clone Stamp kutoka kishungi jirani kinachoelekea upande uleule. Makubwa, chora unywele kwa brashi ya pikseli moja au mbili, rangi ukiichukua kwenye unywele wenyewe, ukifuata mzunguko wake. Yakiwa mengi sana mimi nayaacha machache.

Utando mnene usiuvue wote. Punguza umanjano tu: leya mpya ya Color, rangi ya ngozi safi ya kichwa, brashi laini, Opacity asilimia 20, mpaka utando ufanane na ngozi. Mikwaruzo yake midogo itabaki, lakini jicho halitasimama hapo.

MamaWawili_Nyegezi, saa 2:05 asubuhi

Hicho cha utosi umesema kweli. Nimeona picha za studio moja watoto wote vichwa vya mviringo kama mpira, utosi hauonekani.

Mkunga_Buzuruga, saa 6:30 mchana

Nimepita hapa kwa bahati. Mimi ni mkunga, picha sizijui, ila kuna jambo limesemwa mwanzoni naomba nilirekebishe kwa upole. Kijana amesema kila cheupe ni maziwa. Vile vidoa vya puani, kama ni vidogo, mviringo, vigumu, vimekaa juu ya pua na mashavuni, siyo maziwa. Ni vipele vidogo ambavyo watoto wengi huzaliwa navyo, ndani yake kuna utando wa ngozi ulionasa. Havitokani na kunyonya na havihitaji dawa, huondoka vyenyewe ndani ya wiki chache. Akina mama wengi huviita vya maziwa kwa sababu ya rangi, ndipo wengine wanapovisugua au kuvikamua. Msifanye hivyo.

Na magamba ya kichwani dada wa Nyegezi ameeleza vizuri kuhusu kutoyakwangua. Mafuta laini kidogo, subiri yalainike, brashi laini, kisha osha. Yakitoa damu au majimaji, au yakisambaa mwilini, mpelekeni kliniki. Ninyi wapiga picha msiyabandue kwa kucha ili picha itoke safi. Nimewahi kuona mtoto amebanduliwa hivyo, kichwa kina vidonda.

Fundi_Bwiru, saa 7:02 mchana

Asante sana mama. Sasa kwenye picha nitavitofautisha vipi? Ngozi ya mtoto ni nyeusi, vyote vinaonekana vyeupe.

Leya Tupu, saa 7:40 mchana

Shikamoo mama mkunga, umetuokoa.

Fundi, kuza picha na uangalie ukingo. Maziwa yaliyokauka yamelala juu ya ngozi, hayana umbo maalumu, yana nyufa, hayang'ai, na yanafuata mahali yalipotiririka: pembe ya mdomo, chini ya kidevu, ndani ya mkunjo. Kipele kiko ndani ya ngozi. Ni duara, kinang'aa kidogo kama lulu, na ukiangalia upande ulio mbali na dirisha utakuta kina kivuli chembamba, kwa sababu kimeinuka. Ukipata kivuli hicho, hicho si cha kufuta kwa haraka.

Maziwa ya mdomoni na shingoni futa kwa njia ileile ya Darken. Shingoni fuata mkunjo, usivuke. Mkunjo wa shingo ya mtoto ni mstari mweusi, na Darken itauheshimu mradi chanzo chako ni ngozi ya juu ya mkunjo.

Halafu angalia mdomo wa juu, katikati. Kama kuna kauvimbe kenye ngozi iliyochanika kidogo, hilo ni lengelenge la kunyonya. Linafanana sana na maziwa yaliyokauka. Liache.

Kijana wa Kirumba, saa 8:15 mchana

Mama mkunga nimekuelewa, vya puani nilikuwa sijui, asante. Ila kama huondoka vyenyewe ndani ya wiki chache, basi ni kama udenda tu, vyote ni vya kupita. Kwa nini udenda ufutwe na vipele vibaki? Mteja akilipa anataka uso safi.

Leya Tupu, saa 8:33 mchana

Udenda ungefutwa na mama kwa kitambaa sekunde moja kabla hujabonyeza kamera. Vipele asingeweza. Mimi napima hivyo. Lakini hata magamba asingeweza kuyafuta kwa kitambaa na bado nayapunguza, kwa hiyo kipimo changu kina tundu, nakubali. Vipele vya puani navishusha mng'ao kwa nusu, navibakiza.

Sato wa Igombe, saa 9:10 alasiri

Naongeza langu. Mwaka jana nilihariri picha ya mtoto wa ndugu yangu, kalala kifudifudi. Chini ya mgongo alikuwa na alama kubwa ya bluu-kijivu, nikadhani ameumizwa, nikaifuta yote kwa kumwonea huruma. Mama yake aliporudishiwa picha akalia. Ile alama alizaliwa nayo, na baba yake aliyefariki alisimuliwa kuwa naye alizaliwa na ya namna hiyo. Kwa bahati faili la mwanzo lilikuwepo. Tangu hapo alama ya kuzaliwa siigusi bila kuuliza.

Mkunga_Buzuruga, saa 9:25 alasiri

Alama hiyo ni ya kawaida kabisa kwa watoto wetu weusi, huonekana sana mgongoni na makalioni, na kwa wengi hufifia kadiri wanavyokua. Si jeraha. Pole kwa huyo mama.

MamaWawili_Nyegezi, saa 11:48 jioni

Na sisi wa simu? Nina Snapseed tu. Mtoto wangu mdogo ana udenda na magamba mawili matatu kwenye paji.

Leya Tupu, saa 12:20 jioni

Dada, kwenye Snapseed tumia Healing. Kuza picha sana kwanza, kwa sababu ukikuza, kidole chako kinafunika eneo dogo zaidi. Magamba ya paji gusa moja moja, usiburute. Yaliyo ndani ya nywele usijaribu, zana ile inajichagulia yenyewe mahali pa kuazima na wewe huwezi kuielekeza. Udenda anzia mwisho wake kidevuni, panda kidogo kidogo, simama kabla ya kufika mdomoni. Ukigusa ukingo wa mdomo inaweza kuleta kipande cha mdomo kidevuni. Ikitokea, rudisha nyuma hatua moja. Huo udenda mfupi unaobaki karibu na mdomo uache tu, utaonekana wa kawaida.

Fundi_Bwiru, Alhamisi saa 4:15 usiku

Wakuu, nimerudi na taarifa.

Udenda umeisha. Magamba ya kati ya nywele nilihesabu kama arobaini, yalinichukua saa moja na nusu, na nywele zimebaki nzima. Utando wa utosini nimeupunguza rangi tu. Yale ya juu ya nywele nimechora unywele kwa matano, mengine manne nimeyaacha. Mkunjo wa shingo nimefuata njia ya Kijana wa Kirumba kwa maski ndogo, imetoka vizuri, namshukuru.

Mwisho niliweka leya ya Curves juu ya kila kitu na kuivuta chini hadi picha ikawa giza, ili nione kilichobaki cheupe. Nikakuta sehemu moja kidevuni ambapo nimeazima chanzo kimoja mara mbili, vitundu vilevile vimejirudia kama mhuri. Kwenye mwanga wa kawaida nisingeiona, ila kwenye fremu kubwa ingeonekana. Nimeirudia kwa chanzo kingine, kisha nikaifuta leya ya Curves.

Kwenye mdomo wa juu kumbe kulikuwa na lile lengelenge. Mara ya kwanza nilishalifuta nikidhani ni maziwa. Nimelirudisha.

Leo jioni nilimpelekea mama yake picha ndogo ya majaribio. Aliangalia muda mrefu, akagusa utosi kwa kidole, akasema ndiye. Vipele vya puani nimemuonyesha namna mbili, vikiwepo kwa nusu na vikiwa vimeondoka. Yeye anataka vibaki. Baba wa mtoto anataka viondoke, na yeye ndiye anayelipia fremu. Wameniambia nisubiri hadi Jumamosi wakubaliane.

Kijana wa Kirumba, saa 4:22 usiku

Chapa zote mbili mkuu.

Mkunga_Buzuruga, saa 4:40 usiku

Waulize wampelekee bibi ipi. Nyingine ibaki Bwiru.